Kabla ya Kubonyeza Send: Ukaguzi wa Barua Pepe kwa Afisa Ajira

Barua pepe ya mwombaji kazi kwa afisa ajira huharibika zaidi katika sehemu nne: jina la anayeandikiwa, viambatisho, lugha inayotumika na anwani ambayo barua inakwenda. Makosa ya sehemu hizi hayatokani na ukosefu wa elimu. Mara nyingi huyafanya watu wenye sifa zote za kazi, kwa sababu mwandishi anaposoma tena alichokiandika huona alichokusudia kuandika badala ya kilichopo. Kwa hiyo kusoma tena peke yake hakutoshi. Ukaguzi unaofaa ni wa kulinganisha: kila kipengele cha barua kiwekwe kando ya chanzo chake, na chanzo hicho karibu siku zote ni ujumbe wa afisa ajira mwenyewe au tangazo la kazi.

Maelezo haya yanahusu ajira ambazo mawasiliano yake hupita kwa barua pepe, hasa za kampuni, mashirika na mawakala wa ajira. Maombi ya kazi za utumishi wa umma Tanzania hupokelewa kupitia mfumo wa Ajira Portal, na barua pepe haichukui nafasi ya mfumo huo.

Tuchukue mfano wa mhasibu aliyeomba kazi katika kampuni ya usafirishaji jijini Dar es Salaam kupitia kwa wakala. Jumatatu anapokea ujumbe huu: “Tumepokea maombi yako ya nafasi ya Mhasibu. Tafadhali tuma wasifu wako wa sasa, barua ya maombi na nakala ya cheti cha shahada, vyote kwa PDF, kabla ya Alhamisi saa 10 jioni. Taja pia tarehe unayoweza kuanza kazi.” Chini ya ujumbe limeandikwa jina Mwanaisha, Idara ya Ajira. Mhasibu anaandika jibu lake kwenye simu akiwa ndani ya daladala:

“Habari Mwanaasha, nimeambatanisha kila kitu ulichotaka. Naweza kuanza hata kesho. Nijibu haraka maana nina ofa nyingine.”

Jibu hili ni fupi, linaeleweka na halina kosa la sarufi. Hata hivyo lina kasoro katika sehemu zote nne, na mbili kati ya hizo hazionekani kabisa kwa kulisoma.

Inayoonekana kwanza ni ya jina. Majina ya Afrika Mashariki yana tahajia nyingi, na kila tahajia ni sahihi kwa mwenye nalo. Kuna Mohamed, Mohamedi, Mohammed na Muhammad. Kuna Hussein na Husseni, Shaban na Shabani, Asha na Aisha. Anayejua tahajia moja kutoka kwa ndugu au jirani yake huiandika bila kufikiri, kwa hiyo kumbukumbu haifai kuwa chanzo. Simu nayo huongeza tatizo. Kibodi iliyowekwa kwa Kiingereza hulichukua jina la Kiswahili kama neno lililokosewa, na inaweza kulibadilisha mara tu mwandishi anapoacha nafasi ili aendelee na neno lingine, huku macho yake yameshatangulia mbele.

Chanzo cha kuaminika ni jina ambalo afisa mwenyewe ameliandika chini ya ujumbe wake. Jina linaloonekana juu, kando ya anwani, lina uzito mdogo zaidi, kwa kuwa mara nyingi huingizwa na idara ya kompyuta na linaweza kuwa limefupishwa au limetanguliza jina la ukoo. Herufi za sehemu ya anwani iliyo kabla ya alama ya @ hazifai kabisa kutumika kama tahajia. Njia salama ni kunakili jina kutoka chini ya ujumbe na kulibandika, kisha kuangalia kama limekuja na mwandiko au ukubwa tofauti wa herufi. Jina lenye herufi kubwa kidogo kuliko maneno yanayolifuata humwambia msomaji kwamba barua hiyo imeandikiwa watu wengi, na jina lake limechomekwa tu. Programu nyingi zina chaguo la kubandika maandishi bila mwandiko wake wa awali, na hilo ndilo la kutumia.

Cheo cha heshima kinahitaji uangalifu wake. Bw. na Bi. hutumika pale ambapo jinsia inajulikana kwa hakika. Majina kama Neema au Juma hayaleti shaka kwa msomaji wa Kiswahili, lakini Baraka, Furaha na Amani wapo wanaume na wanawake. Pasipo hakika, jina kamili bila cheo linatosha, au “Ndugu” ambalo halibagui jinsia. Jina likikaguliwa juu ya barua, litafutwe pia katikati ya maandishi na ndani ya barua ya maombi iliyoambatishwa, kwa maana huko ndiko jina la afisa au kampuni ya maombi ya wiki iliyopita hubaki.

Viambatisho ndivyo vinavyohitaji muda mwingi zaidi. Kila mtu anaijua aibu ya kutuma barua isiyo na kiambatisho kabisa, na programu nyingine za barua pepe huonya pale zinapoona maandishi yanataja kiambatisho lakini hakuna faili. Onyo hilo hutegemea maneno ambayo programu inayatambua. Anayeandika kwa Kiswahili asilitegemee.

Kosa baya zaidi ni kuambatisha faili lisilo lenyewe. Mhasibu wa mfano wetu ameandika kwamba ameambatisha “kila kitu”, na kwa kweli faili ni tatu, sawa na idadi iliyoombwa. Moja linaitwa `CV mpya FINAL 2.pdf`. Jina hilo halimwambii afisa ni wasifu wa nani, na halimwambii hata mwenyewe kama hilo ndilo toleo la mwisho. La pili ni barua ya maombi ambayo mstari wake wa kwanza unataja benki aliyoiomba kazi mwezi uliopita. La tatu ni picha ya cheti aliyoipiga kwa simu, haiko kwa PDF kama ilivyoombwa, na kona yake ya chini yenye mhuri imekatwa.

Makosa haya hayagunduliki kwa kutazama majina ya faili. Hugunduliwa kwa kufungua kila kiambatisho kutoka ndani ya barua yenyewe ambayo bado haijatumwa. Sababu ni ya kiufundi na watu wengi hawaijui: faili linapoambatishwa, kinachoingia kwenye barua ni nakala ya hali yake ya wakati ule. Mtu akirudi kwenye kompyuta, akasahihisha wasifu na kuuhifadhi, nakala iliyo ndani ya barua haibadiliki. Anayefungua faili lililo kwenye folda yake huona toleo lililosahihishwa na kuridhika, huku barua ikiondoka na la zamani. Kila baada ya sahihisho, kiambatisho cha mwanzo kiondolewe na kipya kiwekwe.

Baada ya kufunguliwa, kila faili lilinganishwe na orodha ya afisa, jina kwa jina. Mhasibu ahesabu: wasifu, barua ya maombi, cheti. Faili la nne ambalo halikuombwa, mfano nakala ya kitambulisho au taarifa ya benki, litolewe. Taarifa hizo hazihitajiki katika hatua hii, na kuzisambaza ni kujihatarisha bure. Majina ya faili yabadilishwe kabla ya kuambatishwa ili yabebe aina ya hati na jina la mwombaji, kwa kuwa afisa atayapakua kwenye folda moja pamoja na ya waombaji wengine kadhaa, na wengi wao wameyaita faili zao “CV” tu.

Ukubwa nao una mipaka. Gmail inaruhusu viambatisho vya jumla ya megabaiti 25 kwa barua moja, lakini faili huongezeka kwa takriban theluthi moja linapogeuzwa ili lisafiri ndani ya barua pepe, na seva ya mpokeaji inaweza kuwa na kiwango cha chini zaidi. Picha tano za vyeti kutoka kwenye simu ya kisasa zinaweza kukikaribia kiwango hicho zenyewe. Vyeti vikiskaniwa kwa programu ya simu na kuunganishwa kuwa PDF moja, ukubwa hushuka sana na maandishi hubaki yakisomeka. Gmail ikipewa faili linalozidi kiwango huliweka kwenye Google Drive na kutuma kiungo. Hapo kuna mtego mwingine: kiungo hicho kikiwa na ruhusa ya mwenyewe tu, afisa atakapokibonyeza atakutana na ukurasa wa kuomba ruhusa. Namna ya kujua ni kukifungua kiungo kwenye dirisha la faragha la kivinjari, ambamo akaunti ya mwombaji haijaingia. Kikifunguka humo, kitafunguka na kwa afisa.

Jambo moja zaidi kuhusu viambatisho huwasumbua wanaoendeleza mazungumzo ya zamani. Kitufe cha Reply hakibebi viambatisho vya barua inayojibiwa, ilhali Forward huvibeba. Mwombaji anayeandika “kama utakavyoona kwenye wasifu hapo chini” baada ya kubonyeza Reply amemwelekeza afisa kwenye kitu kisichokuwepo katika barua hiyo.

Lugha ya barua hupimwa kwa kulinganishwa na lugha aliyoitumia afisa. Mwanaisha aliandika kwa heshima na bila mzaha, akatumia “tafadhali”, akataja mambo yake kwa mpangilio. Jibu linapaswa kukaa kwenye kiwango hicho hicho. “Nijibu haraka” ni amri, na Kiswahili kina njia nyepesi ya kusema jambo hilo hilo bila kuamuru: “Naomba kufahamu hatua inayofuata.” Vivyo hivyo “ulichotaka” kina ukali ambao “ulichoomba” au “mlichoagiza” hakina. Wingi unafaa pale mwombaji anapozungumzia uamuzi wa ofisi, kama “nafasi mliyoitangaza”, kwa kuwa afisa hakuitangaza kwa niaba yake binafsi.

Kuna wanaokosea upande wa pili, na pengine ndio wengi zaidi. Barua yenye “kwa unyenyekevu mkubwa nakuomba sana unisaidie nipate kazi hii” inageuza maombi ya kazi kuwa ombi la fadhila. Afisa ajira hana fadhila ya kugawa. Ana nafasi yenye sifa zilizoandikwa, na anatafuta mtu wa kuzijaza. Heshima inatosha kuonekana katika salamu, katika “naomba” na katika kujibu kila kilichoulizwa. Vifupisho vya ujumbe wa simu, kama “nshatuma” na “xaxa”, pamoja na vikaragosi, viachwe hata kama afisa ametumia salamu ya kirafiki.

Sentensi ya mhasibu kwamba anaweza kuanza “hata kesho” inastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu inaonekana kama bidii. Wasifu wake unaonyesha kwamba bado yuko kazini kwa mwajiri mwingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, kwa kawaida, kutoa notisi isiyopungua siku 28. Anayesema ataanza kesho anamwambia afisa kwamba yuko tayari kumwacha mwajiri wake ghafla, na afisa makini atajiuliza kama kampuni mpya nayo itaachwa vivyo hivyo. Tarehe halisi inasomeka vizuri zaidi kuliko hamasa.

Saa pia ni sehemu ya lugha kwa barua zinazochanganya Kiswahili na Kiingereza. “Saa 10 jioni” ya Mwanaisha ni saa 16:00 katika mtindo wa saa 24. Iwapo wakala angeandika kwa Kiingereza kwamba usaili ni `10:00 a.m.`, jibu la “nitafika saa 10” lingempeleka mwombaji alasiri kwenye usaili uliofanyika asubuhi. Anayethibitisha muda ataje na sehemu ya siku: saa 4 asubuhi.

Baada ya marekebisho, barua ya mhasibu inasomeka hivi:

“Bi. Mwanaisha, nimepokea ujumbe wako wa Jumatatu kuhusu nafasi ya Mhasibu. Naambatisha hati tatu ulizoomba, zote kwa PDF: wasifu, barua ya maombi na nakala ya cheti cha shahada. Nikipata nafasi hii, naweza kuanza kazi siku 28 baada ya kutoa notisi kwa mwajiri wangu wa sasa. Naomba kufahamu hatua inayofuata. Ahsante.”

Ameliacha suala la ofa nyingine. Lina mahali pake, lakini ni pale ambapo ofa ipo kweli na ina tarehe ya mwisho, na linaelezwa kwa kutaja tarehe hiyo bila kutishia.

Sehemu ya nne ni anwani, na hapa kosa linaweza kufuta kazi yote iliyotangulia. Ujumbe wa wakala ulikuwa na mistari hii miwili:

```
From: noreply@example.com
Reply-To: ajira@example.org
```

Mstari wa `From` unaonyesha anwani iliyotuma. Mstari wa `Reply-To` unaiambia programu ya barua pepe ipeleke wapi jibu. Anayebonyeza Reply hujaziwa anwani ya pili bila kuiandika. Lakini anayeanza barua mpya na kunakili anwani aliyoiona juu ya ujumbe atapeleka majibu yake `noreply`, kisanduku ambacho kwa kawaida hakisomwi na mtu. Mifumo mingi ya kuajiri hutuma ujumbe kwa namna hii, na baadhi huweka kwenye `Reply-To` anwani ndefu yenye herufi na tarakimu zisizo na maana kwa jicho. Urefu huo una kazi: ndio unaoliingiza jibu kwenye faili la mwombaji husika. Kuifupisha au kuiandika upya kwa mkono ni kulipoteza jibu.

Kwenye Gmail, anwani hizi huonekana kwa kugusa mshale mdogo ulio kando ya maneno “to me” chini ya jina la mtumaji. Zikishaonekana, zisomwe pamoja na maandishi ya ujumbe, kwa kuwa afisa akiwa ameandika wazi kwamba nyaraka zitumwe kwenye anwani nyingine, maelekezo yake ndiyo ya kufuatwa.

Tofauti kati ya mistari hiyo miwili inaweza pia kuwa dalili ya utapeli. Tapeli huweza kuweka jina la kampuni inayojulikana kwenye `From` na kisanduku chake cha bure kwenye `Reply-To`. Kinachotazamwa ni sehemu iliyo baada ya alama ya @. Ikiwa ni ya kampuni, ya wakala aliyetajwa kwenye tangazo au ya mfumo unaojulikana wa kuajiri, tofauti hiyo ni ya kawaida. Ikiwa haieleweki, au herufi zimechezewa, kama `rn` kuwekwa mahali pa `m`, simu ipigwe kwa namba iliyo kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Namba iliyo ndani ya ujumbe unaotiliwa shaka haithibitishi kitu, kwani itapokewa na yule yule aliyeutuma.

Programu zina tabia ya kumalizia anwani zenyewe. Mtu akianza kuandika “mwa”, huletewa Mwanaisha, Mwajuma au Mwanahawa aliyewahi kuandikiana naye, na kubonyeza jina la kwanza bila kutazama ni rahisi mno. Kosa la herufi kwenye anwani halirudishi barua kila mara. Anwani isiyokuwepo kwa kawaida huleta taarifa ya kushindikana, lakini anwani iliyokosewa inaweza kuwa mali halali ya mtu mwingine, na barua ikafika kwake kimya kimya pamoja na vyeti vyote. Kutorudi kwa barua hakumaanishi kwamba imefika inakotakiwa.

Mstari wa `Cc` nao utazamwe. Meneja aliyenakiliwa na afisa anafaa kubaki. Lakini iwapo afisa amewaweka waombaji wote wazi kwenye ujumbe mmoja, Reply all itawapelekea wote wasifu wa mtu mmoja. Upande wa mwombaji mwenyewe pia una anwani ya kukaguliwa, hasa kwenye simu yenye akaunti mbili: barua ikitoka kwenye akaunti ya zamani asiyoifungua, mwaliko wa usaili utakwenda huko huko.

Mpangilio wa kazi unaweza kuzuia sehemu ya makosa haya. Barua mpya iandikwe huku nafasi ya `To` ikiwa tupu, kwa kuwa programu haiwezi kutuma barua isiyo na mpokeaji hata kidole kikiteleza. Kwa jibu, kufuta anwani iliyojazwa ni kutafuta hatari nyingine. Ni afadhali maandishi yaandaliwe kwanza kwenye daftari la simu, kisha Reply ibonyezwe na maandishi yabandikwe. Gmail pia ina Undo Send, ambayo kwenye mipangilio ya kompyuta inaweza kuongezwa kutoka sekunde 5 za kawaida hadi 30. Ndani ya sekunde hizo barua hurudi. Baada ya hapo Gmail haina njia ya kuirudisha, na huduma ya Outlook ya kuita barua irudi hutegemewa kati ya watu wa taasisi moja tu, hivyo haimfai mwombaji aliye nje.

Barua ikishaondoka, ifunguliwe kwenye folda ya Sent na viambatisho vyake vifunguliwe humo mara moja. Kikikosekana kimoja, au kikiwa kisicho sahihi, itumwe barua fupi kwenye mazungumzo yale yale, ikisema kwamba hati sahihi ni iliyoambatishwa sasa, bila maelezo marefu ya jinsi kosa lilivyotokea. Jina lililokosewa kwa herufi moja halihitaji barua ya pili ya kuomba radhi; liandikwe sawasawa katika jibu linalofuata. Nyaraka zilizofika kwa mtu asiyehusika, yeye aombwe kuzifuta, na afisa atumiwe zake kabla ya saa 10 ya Alhamisi.